Nyota nane za Shangazi

Ujumbe uliingia saa mbili usiku, nikiwa bado na tonge mkononi.

"Kumbe Shangazi ni wa sitini na moja! Kuanzia kesho tumwamkie mara mbili."

Chini yake zikamiminika sura za vicheko, nne, tano, kisha kundi zima likachangamka. Nilinawa mkono haraka nikaifungua orodha niliyokuwa nimeituma nusu saa kabla. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana, tuko watu 38, wengi wa ukoo mmoja na wachache walioolewa humo. Safu ya tarehe ya kuzaliwa ilikuwa imefungwa vizuri: nyota nane kwa kila mtu, kutoka juu mpaka chini. Wakati naziweka nilijiona mjanja kwelikweli.

Ila safu ya jirani ilikuwa na namba ya NIDA. Yote.

Aliyeandika ule utani ni binamu yangu, wakala wa kusajili laini za simu. Namba za NIDA anazisoma kutwa, kama kondakta anavyosoma noti. Hakuwa na haja ya safu ya tarehe. Tarakimu nne za mwanzo zilimtosha.

Shangazi hakuandika kitu kundini. Alipiga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, nani kakutuma utangaze miaka yangu?"

"Sijaandika mwaka, shangazi. Niliweka nyota."

"Basi nyota zako zina mdomo."

Akakata. Hilo neno la mdomo nimekaa nalo wiki tano sasa.

## Namba inayosema

Habari yenyewe ilianza kwa wema. Kikundi kilitaka kujiunga na bima ya mazishi, na fomu ya bima ilitaka kila mwanachama aandikwe jina, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, simu na mrithi. Nikatangaza kila mtu anitumie picha ya kadi, nami nichape. Shangazi alituma yake ikiwa imelala kwenye kitambaa cha meza chenye maua, kona moja imeng'aa kwa mwanga wa dirisha. Miwani yake ilikuwa imevunjika mkono mmoja, kwa hiyo kujaza mwenyewe kulikuwa hakuwezekani.

Nilichapa orodha mbili. Moja ya bima, iliyojaa. Nyingine ya kundi, ili kila mtu ahakikishe jina lake limeandikwa sawa. Hii ya pili ndiyo niliyoiwekea nyota.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na imegawanywa hivi. Hii hapa nimeitunga, na nimeweka tarehe 31 Februari makusudi ili isije ikawa ya mtu:

```
19610231-00000-00002-19
```

Nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tano zinazofuata ni postikodi ya eneo ulikojiandikishia. Kisha zinakuja tano za kutofautisha watu waliozaliwa siku moja na kujiandikisha eneo moja, na mbili za kumalizia. Kwa hiyo kabla hujaambiwa jina la mtu, namba imeshakwambia umri wake na upande anakotokea.

Wote tunalijua hili, kwa namna fulani. Ukimuuliza Mtanzania yeyote namba yake inaanzaje, atakutajia mwaka wake wa kuzaliwa. Mimi mwenyewe yangu naikumbuka hivyo hivyo. Kumbe kujua kitu na kukikumbuka wakati vidole viko kwenye kibodi ni mambo mawili. Nilikuwa nachapa kwa safu, kushuka chini: safu hii ya siri, safu hii si ya siri. Sikuwahi kusoma mstari mmoja mzima kwa kwenda pembeni, kama anavyosoma binamu yangu.

Hapo ndipo nyota zangu zilipopatia mdomo.

Na Shangazi alikuwa na sababu. Mumewe ni wa 1964. Kwa miaka yote niliyowajua, ukoo mzima umemchukulia Shangazi kuwa ndiye mdogo, naye hakuwahi kusahihisha mtu. (Miaka nimeibadilisha hapa. Sitarudia kosa.)

## Excel ilivyonificha na kuniumbua

Kuna kitu kilichotokea kabla ya hapo ambacho ningekitilia maanani, huenda mkasa huu usingenipata.

Mara ya kwanza nilichapa namba bila vistari, tarakimu 20 mfululizo, kwenye Excel. Ikanigeuzia kuwa `1.96102E+19`. Nikaipanua safu, nikabadilisha mpangilio wa seli, namba ikaonekana, nikafurahi. Siku mbili baadaye mtu wa bima akanirudishia fomu: mbona wanachama wako wote namba zao zinaishia na sifuri tano?

Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Zinazozidi hapo huzigeuza sifuri bila kukuuliza. Kwa namba ya NIDA maana yake ni kwamba tano za mwisho zimefutika, na hazirudi hata ukibadilisha mpangilio baadaye. Lazima uchape upya kutoka kwenye picha. Dawa ni kuigeuza safu iwe ya maandishi kabla hujachapa herufi ya kwanza, au kuchapa na vistari vyake, maana penye vistari Excel haioni tena namba, inaona maneno.

Nilirudia watu wote 38. Jumapili nzima.

Lakini angalia kilichobaki kwenye zile namba zilizoharibika: mwaka, mwezi, siku, postikodi. Excel ilikuwa imekata mkia ikaacha kichwa. Kama ningesimama hapo dakika moja nijiulize kichwa hicho kinasema nini, ningeliona la Shangazi likija. Badala yake nilichofikiria ni Jumapili yangu iliyopotea.

Jambo moja la kazi hii ya kuchapa lilinifundisha lakini. Kadi iliyopigwa picha karibu na dirisha hudanganya: 1 na 7 zinafanana, 6 na 8 zinafanana, 3 iliyopigwa na mwanga inakuwa 8. Kwa sababu tarehe ya kuzaliwa imeandikwa kwenye kadi mara mbili, mara moja kama tarehe na mara moja ndani ya namba, unaweza kuzilinganisha. Zikipishana, umekosea kuchapa au umesoma vibaya. Nilikamata makosa sita kwa njia hiyo. Kule kujirudia kulikomuumbua Shangazi ndiko kulikoniokoa mimi nisiandike namba ya mtu mwingine kwenye bima ya mazishi yake.

Hivyo kuficha hakuwezi kuja mwanzo. Ukiziba wakati unachapa, umejinyima kipimo.

## Kichwa au mkia

Usiku ule ule niliifuta ile orodha kwa wote, nikakaa chini kutengeneza nyingine. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi: nitaziba tarakimu nane za mwanzo kwenye namba, niache 12 za mwisho. Mwaka umekwenda, watu bado wanaweza kulinganisha namba zao.

Nikasita kabla ya kutuma. Nani atasoma?

Orodha hii haisomwi na wageni. Inasomwa na watu wanaojua Shangazi alizaliwa mwezi gani, maana kila mwaka mwezi huo anapika pilau. Na binamu yangu wakala amekwisha kuwapa kilichobaki. Mwaka wameshauona leo. Siku yake ya kuzaliwa iko kwenye ukurasa wake wa Facebook, ambako binti yake humwekea keki kila mwaka. Nikiwapa tarakimu 12 za mwisho, wanaunganisha wenyewe vipande viwili na namba nzima imerudi. Nilichokuwa naficha ni kile wanachokijua tayari, na nilichokuwa naonyesha ni kile pekee wasichokijua.

Kwa mgeni ni kinyume. Mtu wa bima hamjui Shangazi, hana keki ya Facebook. Akiona mkia peke yake, hana cha kuuunganisha nao.

Kwa hiyo sehemu ya kuziba haikai ndani ya namba, inakaa kwa msomaji. Kwa mtu wa mbali unaziba kichwa, kwa mtu wa karibu unaziba mkia. Na orodha moja ikisomwa na wote wawili, hakuna kipande kilicho salama kuonyesha.

Nikajaribu kuziba mkia basi. Niache nane za mwanzo? Hapana, mwaka huo. Niache postikodi tu? Haisaidii chochote, nusu ya kikundi tunaishi kata mbili. Niache tarakimu mbili za mwisho, kama benki zinavyofanya na namba za kadi? Nikazitazama zile 38: saba zilikuwa zimefanana na nyingine kwenye tarakimu hizo mbili. Nikiacha nne za mwisho zinatofautiana, ila zile tano za tatu karibu zote zilikuwa sifuri nne na tarakimu moja mbele, kwa sababu watu waliozaliwa siku moja na kujiandikisha kata moja si wengi. Yaani ule mkia niliouona mrefu kumbe ni sifuri tupu, na asemayo kweli ni tarakimu tatu za mwisho. Ukiziacha hizo kwa mtu anayejua tarehe na kata, umempa kila kitu.

Saa sita usiku nilikuwa nimeziba na kuzibua kila kipande, na hakuna hata kimoja kilichofaa.

Ndipo nikajiuliza swali ambalo ningelianza nalo. Orodha ya kundi inataka namba kwa kazi gani?

Kwa kazi ya mtu kujua kwamba namba yake nimeiandika sawasawa. Basi. Na hiyo si kazi ya watu 38 kutazamana. Ni kazi ya mimi na mtu mmoja, mara 38. Kwenye orodha ya kundi nikaifuta safu nzima ya namba na safu nzima ya tarehe, nikaweka namba ya uanachama, kuanzia 1 hadi 38, na safu yenye alama ya vyema kwa aliyehakikisha. Kisha nikampigia kila mtu kumsomea namba yake, tarakimu nne nne.

Ilichukua siku tatu. Wawili walikuwa na makosa niliyokuwa sijayakamata.

## Mistari miwili ya chini

Nilidhani nimemaliza. Bado mmoja: mtoto wa baba mdogo anayefanya kazi Maskati. Kadi yake ya NIDA aliiacha nyumbani, akatuma picha ya ukurasa wa pasipoti.

Huyu alijitahidi kuliko wote. Alikuwa amepaka wino mweusi kwa kidole, kwenye simu, juu ya tarehe ya kuzaliwa na juu ya namba ya pasipoti. Akaniandikia: "Kaka, hivyo viwili nitakutajia kwa sauti." Nikampenda kwa umakini wake.

Kisha nikaitazama ile mistari miwili ya chini, yenye herufi na mishale inayofanana na `<<<<`. Hakuigusa. Watu wengi wanaiona kama mapambo, au kitu cha mashine. Ni cha mashine kweli, lakini kimeandikwa kwa herufi zinazosomeka na mtu, na kinarudia karibu yote yaliyo juu. Mstari wa kwanza una jina lake. Wa pili unaanza na namba ya pasipoti, unafuatiwa na taifa, tarehe ya kuzaliwa kwa mwaka-mwezi-siku, jinsia, na tarehe ya pasipoti kwisha muda. Kipande cha katikati kinakuwa hivi (31 Februari tena):

```
TZA8502315F
```

TZA ni taifa, 850231 ni tarehe, F ni mwanamke. Ile 5 katikati ya tarehe na jinsia ni tarakimu ya uhakiki, na hiyo ndiyo iliyonifanya nisipendekeze kuziba kidogo kidogo. Inapatikana kwa kuzidisha kila tarakimu ya tarehe kwa 7, 3, 1, 7, 3, 1 kwa mpangilio, kujumlisha, na kuchukua tarakimu ya mwisho ya jumla. Jaribu: 56 na 15 na 0 na 14 na 9 na 1 ni 95, tarakimu ya mwisho ni 5. Sasa tuseme umeziba tarakimu moja tu ya tarehe, ile 1 ya mwisho, ukaacha 5 ya uhakiki. Nyingine zina jumla ya 94. Ili jumla iishie na 5 inahitajika 1, na hakuna tarakimu nyingine inayoweza kukaa hapo. Umeziba, na karatasi yenyewe imezibua. Ni hesabu ya darasa la tano.

Na wino wake nao ulikuwa na kasoro. Simu nyingi zina kalamu mbili zinazofanana kwa haraka: moja ni ya kuandikia, nyingine ni ya kuangazia, na ya kuangazia wino wake unapitisha mwanga. Ukiipitisha mara tatu nne sehemu inaonekana nyeusi. Nilipoongeza mwanga wa picha kwenye simu yangu, namba ya pasipoti ikaonekana chini ya wino, kijivu lakini inasomeka.

Nilimpigia nikamweleza. Alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo zile nilizomtumia ajenti wa huku…"

"Ulimtumia ngapi?"

"Acha tu, kaka."

Tangu hapo nikimwambia mtu azibe kitu kwenye picha, namwambia akate kipande cha karatasi aweke juu ya kadi kabla ya kupiga picha. Karatasi haiongezewi mwanga.

## Siri ya nani

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu zaidi, na sina hakika kama nimetoka.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Shangazi kuomba radhi. Nilikwenda na hotuba yangu kichwani kuhusu hatari. Nilitaka kumweleza kwamba mwaka wa kuzaliwa ni jambo dogo, kwamba tatizo hasa ni namba nzima pamoja na simu yake kuwa mahali pamoja. Laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo namba peke yake haimtoshi mtu kusajili laini kwa jina lako. Lakini inamtosha kukupigia akiwa na sauti ya ofisini, akakusomea jina lako kamili, tarehe yako na namba yako ya NIDA, kisha akasema kuna hitilafu kwenye akaunti yako. Nani atamshuku mtu anayemjua hivyo? Ndiyo maana tulikaa naye tukapiga `*106#` kuangalia laini zilizosajiliwa kwa namba yake. Zilikuwa mbili, zote zake.

Aliisikiliza hotuba mpaka mwisho, akanimiminia chai.

"Namba yangu ya simu anayo kila mtu," akasema. "Nauza vitenge, mwanangu. Nisipopigiwa nakula nini? Na hiyo ya NIDA nimeiandika kwenye daftari la mwenyekiti wa mtaa, la kanisani, la mkopo wa akina mama, la hospitali. Hiyo imekwisha kuwa ya watu wote. Kitu kimoja tu nilikuwa nacho changu."

Akaangalia mlango wa chumbani, ambako mumewe alikuwa anasikiliza redio.

"Alijua?" nikauliza kwa sauti ya chini.

"Anajua tangu siku ya posa. Wasiojua walikuwa wifi zangu."

Nilitaka kucheka, nikaona macho yake, nikanywa chai.

Nimeligeuza jambo hili mara nyingi. Mimi nilikuwa na mizani yangu ya siri: namba juu, simu inafuata, mwaka wa kuzaliwa chini kabisa. Ni mizani ya mtu anayeogopa matapeli. Yake ilikuwa ya mtu anayeishi na wifi zake kwa miaka 35. Na aliyeshika kibodi ni mimi. Katika watu 38 sikuwa nimemuuliza hata mmoja: wewe kwenye kadi hii unataka kipi kisionekane?

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kanuni yake mojawapo ni kwamba taarifa zinazokusanywa zitoshe lengo lake na ziendane nalo. Ni kanuni nzuri na ilinisaidia kufuta safu mbili. Lakini inapima taarifa kwa lengo la fomu. Haina safu ya wifi.

Wiki iliyofuata nilianza kuuliza. Majibu sikuyatarajia. Mzee mmoja alitaka jina lake la kati lisionekane, ni la baba aliyemkataa. Dada mmoja hakutaka picha yake ya kadi ionekane na mtu yeyote, kwa sababu alipigwa akiwa mgonjwa. Wawili hawakutaka mrithi wao ajulikane, na hawa niliwaelewa haraka, maana kuonyesha mrithi kwenye kundi la ukoo ni kuchokoza nyuki. Wengi walisema, "Andika tu, mimi sina siri." Kati ya hao, watatu walinipigia baadaye.

Na kuna upande ambao mwanachama hana sauti. Mtu wa bima alihitaji tarehe ya kuzaliwa kwa sababu mchango unapangwa kwa umri. Shangazi aliniuliza kama huko nako naweza kumpunguzia miaka mitatu. Nilimwambia hapana. Siku akifa, watachukua kadi waitazame na fomu, zikipishana wanae watazungushwa na jeneza liko sebuleni. Kwenye fomu yenyewe sizibi wala sibadilishi. Ninachoziba ni nakala zote zinazozaliwa pembeni yake.

"Haya," akasema. "Ila usiwatumie kwa WhatsApp."

Nikaipeleka kwa mkono, kwenye bahasha. Kijana wa mapokezi akaitoa, akaipiga picha kwa simu yake, akaituma kwa mkubwa wake. Kwa WhatsApp. Nilisimama pale na bahasha tupu.

## Pipa

Nilizifuta picha zote 38 kwenye simu yangu siku nilipopata risiti ya bima. Nilijisikia mwepesi.

Siku 19 baadaye nilikuwa natafuta picha ya mwanangu niliyoifuta kwa bahati mbaya, nikafungua pipa la Google Photos. Ukoo wote ulikuwa humo. Wamejipanga watatu watatu, wananitazama kwa zile sura tunazowekaga kwenye kadi, hakuna anayetabasamu. Picha iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye akaunti hukaa pipani siku 60 kabla haijaondoka yenyewe. Shangazi alikuwa kwenye kitambaa chake cha maua, na chini yake simu imeandika siku zilizobaki: 41.

Nikabonyeza kumwaga pipa. Simu ikauliza kama nina uhakika. Kabla sijajibu, ikaita.

"Mwanangu, ile picha ya kadi yangu bado unayo? Nirushie. Kuna fomu nyingine hapa, ya mbolea."

"Kadi si unayo, shangazi?"

"Kadi ninayo. Miwani ndiyo sina."

Nikamwambia nakuja. Nikajibu simu kwamba nina uhakika, nikachukua mkasi na karatasi nyeupe, nikapanda bodaboda. Nilimkuta barazani, kadi iko mezani tayari, na juu ya tarehe ya kuzaliwa ameshaweka njegere.

Namba iko wazi pembeni yake, tarakimu zote 20.